Ujazo wa paleti haukuambii zinaingia katoni ngapi

Wabanguaji wa korosho wa Mtwara, Masasi na Newala wanaonipa kazi ya kupanga mizigo ya Dar es Salaam huniletea hesabu ileile: ujazo wa paleti umegawanywa kwa ujazo wa katoni, na idadi ya paleti imeshaandikwa kwenye oda. Nimechoka kuirekebisha gari likiwa limeshafika ghalani, kwa hiyo naiandika hapa.

Dhana: gawanya ujazo kwa ujazo, utapata idadi ya katoni.

Chukua oda yenye katoni za aina mbili. Kubwa kwa uzito ni ya korosho zilizobanguliwa: sentimita 40 × 30, kimo 35, uzito na kifungashio kilo 24. Nyingine ni ya pakiti za dukani: 45 × 35, kimo 30, kilo 9. Paleti ni 120 × 100, na mzigo juu yake usizidi kimo cha sentimita 140.

Kwa katoni ya kilo 24, kugawanya ujazo kunatoa 40, na kweli zinaingia 40. Safu mbili za katoni tatu zilizolala kwa 40, kisha safu moja ya nne zilizogeuzwa, ni kumi kwa tabaka. Matabaka manne, basi. Hapo ndipo mtu anapoiamini hesabu yake, na hapo ndipo inapomponza.

Kwa katoni ya dukani, hesabu hiyohiyo inatoa 35. Sasa ipange. Kwenye upande wa sentimita 100, katoni tatu hazikai hata ukizigeuza kwa upande wao wa 35, maana 35 mara tatu ni 105. Zinakaa mbili. Upande wa 120 unachukua tatu, ya nne haina nafasi. Tabaka ni katoni 6, geuza utakavyo mradi zisimame wima. Kwa kimo, matabaka manne yanafika 120. La tano litafika 150, limepita. Kwa hiyo paleti ni katoni 24, si 35.

Mwenye katoni 350 za dukani anaandika paleti 10, wakati anahitaji 15. Ukiongeza katoni 360 za kilo 24, ambazo ni paleti 9, jumla ni 24. Mzigo huo unajaza bodi ya semi yenye urefu wa mita 12.2 na upana wa ndani usiopungua mita 2.45, paleti mbilimbili kwa safu 12. Aliyekodi gari la paleti 19 ataacha tano ghalani.

Angalia na uzito. Paleti tupu ikiwa kilo 25, ya kilo 24 kwa katoni inafika kilo 985. Ya dukani inafika 241 tu. Mzigo wote ni kama tani 12.4. Paleti zinalingana kwa umbo, lakini moja ina uzito wa mwenzake mara nne, kwa hiyo kumwambia dereva "paleti 24" pekee hakumsaidii kitu.

Ushauri wangu nisioacha kuurudia: pima katoni ikiwa imejaa, tena tumboni. Mpango ule wa kumi kwa tabaka hauna nafasi ya ziada hata kidogo. Katoni ikivimba sentimita moja, tatu zikiwa pamoja zinatokeza sentimita tatu nje ya paleti.

Dhana: zikitokeza kidogo si kitu. Ni kitu. Nguvu ya katoni iko kwenye pembe zake. Pembe ikining'inia nje, ukuta wa katoni ya chini unabeba mzigo wa zile tatu za juu, kilo 72, peke yake, na wakati wa masika boksi huwa limeshanyonya unyevu na kulegea. Utaona mikunjo ya mshazari karibu na pembe kabla halijapasuka.

Dhana: changanya saizi ndani ya tabaka ili kuziba mapengo. Kimo cha 35 na cha 30 vikikaa pamoja, tabaka la juu linakalia ngazi na kuyumba. Tabaka moja, saizi moja. Ukilazimika kuchanganya kwenye paleti, nzito zikae chini.

Dhana: uzito wa jumla ukiwa sawa, mizani haitasumbua. Mizani inapima kila ekseli. Kwa sheria ya udhibiti wa uzito wa magari ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ekseli ya usukani ni tani 8 na ekseli moja ya nyuma yenye matairi manne ni tani 10. Lori la ekseli mbili lenye jumla halali la tani 18 linazidisha kwa urahisi ukirundika paleti nzito zote nyuma, na usukani unakuwa mwepesi. Kwenye semi ya mfano wetu, paleti tisa nzito nazipeleka katikati ya bodi, za dukani mbele na nyuma, na karatasi ya dereva inaonyesha kilo za kila safu.