Mashine ya kufulia inayotekenya mkono

“Mashine yangu ya kufulia inafua vizuri kabisa, lakini nikigusa bati lake na mikono imelowa, umeme unanitekenya. Ni kwa nini, na nikigeuza plagi si inatosha?”

Mara nyingi hakuna kilichoharibika ndani ya mashine. Kinachokosekana ni waya wa tere, ule unaopeleka ardhini umeme unaovuja, na kugeuza plagi hakuuleti.

Mimi mwenyewe niliwahi kulijibu vibaya. Dada yangu anakaa Katindo, hapa Goma, na mashine yake ilikuwa ikimtekenya kila alipotoa nguo. Nikamwambia maji yameingia kwenye mota. Tukaitoa nje, tukaianika siku mbili juani, tukairudisha. Ikatekenya kama kawaida. Hapo nikageuza plagi, nikasema nimemaliza kazi.

Maji hayakuwa na kosa. Mashine nyingi za siku hizi zina chujio dogo mahali waya unapoingia, la kuzuia makelele ya umeme wake yasirudi kwenye nyaya za nyumba. Ndani ya chujio hilo kuna kapasita mbili: moja imefungwa kati ya fazi, waya unaoleta umeme, na bati la mashine; nyingine kati ya nyutro, waya unaourudisha, na bati hilo hilo. Ndiyo, kiwanda chenyewe kimelifunga bati kwenye umeme, kwa makusudi. Nilipolisikia mara ya kwanza nilidhani fundi ananitania.

Fikiria kapasita kama kipande cha mpira kilichotandazwa ndani ya bomba. Maji hayapiti, lakini ukiyasukuma upande mmoja mpira unatuna, na maji ya upande wa pili yanasogea kidogo. Umeme wa ukutani unasukuma na kuvuta mara 50 kwa sekunde, kwa hiyo mpira hautulii. Bati la mashine ni chumba kilicho kati ya mipira miwili: mmoja unasukumwa na fazi yenye volti 220, mwingine umeegemea nyutro ambayo iko karibu na sifuri. Chumba kinayumba katikati, kwenye volti 110 hivi. Geuza plagi, mipira inabadilishana kazi, na chumba kinabaki pale pale katikati.

Tere ni tundu pana linalotoka kwenye chumba hicho kwenda ardhini. Likiwepo, msukumo wote unaishia huko na bati linatulia. Lisipokuwepo, mkono wako unakuwa mrija wa kutolea, na mkono uliolowa ni mrija mpana zaidi. Lakini kinachopita ni kile tu ambacho mpira unaweza kusogeza, mara nyingi chini ya miliampea 1. Kinatekenya, kinaudhi, hakiui.

Ningependa kuishia hapo, ila kuna “lakini” mbili.

Ya kwanza: mkono hauwezi kutofautisha mtekenyo wa chujio na mwanzo wa hitilafu ya kweli. Bisibisi ya kupimia nayo haiwezi, kwa sababu itawaka katika hali zote mbili. Mita ikionyesha volti 110 kati ya bati na ardhi, huenda ni chujio. Ikikaribia 220, kuna waya uliogusa bati. Nasema “huenda” kwa sababu koili ya kupashia maji ikipasuka katikati yake, nayo inaweza kutoa namba ya katikati. Na kama kugeuza plagi kunaondoa mtekenyo kabisa, usifurahi. Chujio la kawaida halijali upande wa plagi. Hitilafu ndiyo inayojali, na huenda umeificha tu upande wa nyutro.

Siku mpira unapasuka, yaani fazi inapogusa bati moja kwa moja, hakuna tena cha kupunguza. Mtu aliyelowa, miguu mitupu kwenye sakafu ya bafu, anaweza kubaki na ukinzani wa omu 1,000 tu. Volti 220 zinampitishia miliampea 220. Kwenye 10 hivi misuli inajikunja na mkono haumwachii. Kuanzia 30, ikikawia, moyo unaweza kupoteza mpigo wake.

“Lakini” ya pili ni tere yenyewe. Kwa dada, mashine ilikuwa bafuni na prizi ilikuwa kwenye ukumbi, kwa hiyo ralonji ilipita chini ya mlango. Prizi ya ukutani ilikuwa na ile pini ya tere inayochomoza, na plagi ya mashine ilikuwa na tundu lake. Ralonji katikati ilikuwa ya nyaya mbili. Plagi iliingia bila shida, tere ikaishia hapo. Isitoshe, mashine ikipasha maji inavuta wati 2,000, kama ampea 9, na waya ule mwembamba ulikuwa vuguvugu mkononi.

Fundi akaitupa ralonji. Akaweka prizi mpya yenye waya wa tere, kwenye ukuta ulio mbali na mrushio wa bafu. Kanuni za kimataifa zinakataza prizi ya kawaida ndani ya sentimita 60 kutoka ukingo wa beseni la kuogea, naye alisogea zaidi ya hapo. Kisha akafungua prizi ya zamani atuonyeshe: pini ya tere ilikuwepo, nyuma yake hapakuwa na waya wowote. Ilikuwa pambo.

Ikabaki kupata ardhi, na Goma ardhi ni neno la heshima tu. Fimbo ya shaba iligonga lava kabla ya kufika magotini. Akachimba mtaro mrefu, akalaza waya mtupu wa shaba, akaufukia kwa udongo ulioletwa na gari. Kipimo: omu 180. Mtekenyo ulikoma papo hapo, maana kwa vijimiliampea vya chujio hata tere mbovu inatosha.

Hapo ndipo ningekosea mara ya pili, kwa kuamini kazi imekwisha. Gawanya 220 kwa 180: hitilafu ya kweli ingepitisha ampea 1.2 tu. Disjonkta ya ampea 16, swichi inayojikata umeme ukizidi, isingeshtuka hata kidogo, na bati lingebaki na karibu volti zote. Kinachokata hapo ni diferansieli ya miliampea 30, nayo fundi akaifunga. Hiyo inalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, na ampea 1.2 zinazopotelea ardhini kwake ni fujo kubwa. Kitufe chake cha majaribio kinapima kifaa chenyewe; hakisemi lolote kuhusu tere, kwani kinakata hata pasipo tere.

Baada ya miezi michache diferansieli ya dada ikaanza kukata, ila kwa namna ya ajabu: akifua kwa maji baridi hakuna neno, akiweka digrii 60, dakika chache baadaye nyumba inazima. Alitaka iondolewe, “imeharibika.” Fundi akachomoa mashine, akatoa koili ya kupashia, akakwangua gamba jeupe la chokaa kwa kucha. Chini yake palikuwa na ufa mwembamba kama unywele.