Mzigo uko bandarini, lakini orodha haiuonyeshi

Wafanyabiashara wa Bukavu wanaopokea bidhaa kwa mashua kutoka Goma hutuuliza mara kwa mara kwa nini mzigo ulioandikishwa hauonekani kwenye simu, hata mtu akishuka orodha mpaka mwisho. Mara nyingi mzigo haujafutwa. Kasoro iko katika namna programu inavyoomba ukurasa unaofuata.

Tuchukue mizigo kumi, namba 101 hadi 110, mpya ikiwa juu, mitano kwa ukurasa. Ukurasa wa kwanza unakuonyesha 110 hadi 106. Ukiwa bado unasoma, wenyewe wanachukua 109 na 107, nayo inaondolewa kwenye orodha. Sasa programu inaomba ukurasa wa pili hivi:

```sql
SELECT * FROM mizigo
ORDER BY namba DESC
LIMIT 5 OFFSET 5;
```

Hifadhidata haikumbuki ulichokwisha kuona. `OFFSET 5` inaiambia tu iruke mistari mitano ya juu ya orodha ilivyo sasa, yaani 110, 108, 106, 105 na 104. Unaletewa 103, 102 na 101. Namba 105 na 104 zimepanda ukurasa wa kwanza uliokwisha kuupita, na hutaziona. Kama badala yake ungeandikishwa mzigo mpya, 111, kila kitu kingeshuka hatua moja na 106 ingejirudia.

Kurudia huonekana kwa macho. Kukosekana hakuonekani, na ndiko kunakotutia wasiwasi zaidi. Anayenakili orodha nzima asiridhike na jumla kuwa sawa, kwa sababu mmoja uliorudiwa unaweza kuficha mmoja uliopotea. Alinganishe namba zenyewe.

Dawa ni kuendelea kutoka mzigo wa mwisho ulioonwa: `WHERE namba < 106`. Hapo unapata 105 hadi 101, hata kama juu yake imeongezwa au imeondolewa mizigo mingapi. Hata 106 yenyewe ikifutwa, ulinganisho unabaki sahihi. Mzigo 111 utaonekana ukifungua orodha upya.

Mkipanga kwa saa ya kufika, kuweni waangalifu: mashua moja hushusha mizigo mingi, na yote huandikwa saa ileile. Ukurasa ukikatika katikati ya mizigo hiyo, sharti la saa peke yake litairuka iliyobaki. Saa ifungwe pamoja na namba:

```sql
WHERE (saa, namba) < ('2025-03-04 09:30', 106)
ORDER BY saa DESC, namba DESC
LIMIT 5
```

Kwa njia hii msomaji hawezi kurukia ukurasa wa saba moja kwa moja. Anasonga mbele tu. Na ikiwa mnapanga kwa kitu kinachobadilika, kama saa ya marekebisho ya mwisho, mzigo uliorekebishwa katikati ya usomaji bado utahama na kukupita. Kwa kunakili orodha nzima, tunashauri kupanga kwa namba ya uandikishaji, ambayo haibadiliki.