Kodi imepandishwa katikati ya mkataba: barua ya kupinga inavyoandikwa

Mpangaji akifika ofisini kwetu na malalamiko ya kodi kupanda, kwanza tunamwomba mkataba. Wengi huanza na hali ya maisha, ada za watoto, biashara kuwa ngumu. Mwenye nyumba naye ana ya kwake, na huko hakuna mshindi. Kinachoamua ni kilichosainiwa.

Tuchukue mfano wa mpangaji wa Tabata, Dar es Salaam. Mkataba wake ni wa mwaka mmoja, kuanzia 1 Machi 2025 hadi 28 Februari 2026, kodi sh. 250,000 kwa mwezi, inalipwa kila miezi sita. Tarehe 20 Agosti anapokea ujumbe wa simu: kuanzia Septemba ni sh. 320,000. Kwa miezi sita hiyo ni nyongeza ya sh. 420,000. Kifungu cha 4 cha mkataba wake kinasema kodi haitabadilika mpaka muda uishe, na kodi mpya itatolewa taarifa ya maandishi miezi mitatu kabla.

Barua yake haihitaji kuzidi ukurasa mmoja. Baada ya tarehe na anwani, kiini chake ni hiki:

"Nimepokea ujumbe wako wa tarehe 20 Agosti 2025 kuhusu kodi mpya. Kifungu cha 4 cha mkataba wetu kinasema kodi haitabadilika hadi 28 Februari 2026. Kwa hiyo sikubali nyongeza hiyo kwa kipindi hiki. Nitalipa sh. 1,500,000 za miezi sita ifikapo 1 Septemba kama tulivyokubaliana. Kuhusu kodi ya baada ya hapo, niko tayari kuzungumza."

Sentensi ya malipo ndiyo inayosahaulika zaidi. Mpangaji anapinga nyongeza, halafu kwa hasira anazuia kodi yote. Hapo yeye ndiye amevunja mkataba. Lipa kiasi cha zamani kwa tarehe yake, kwa benki au simu ili ushahidi ubaki. Ukilipa kiasi kipya hata mara moja bila kupinga, itakuwa rahisi kudai kwamba ulikubali.

Chapa nakala mbili, mwenye nyumba asaini moja "nimepokea" na tarehe. Akikataa, mpelekee mbele ya mjumbe au mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Akishikilia msimamo wake, Baraza la Kata hupatanisha tu. Uamuzi hutolewa na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Kabla ya kuandika, soma mkataba mpaka mwisho. Kama kuna kifungu kinachomruhusu mwenye nyumba kupitia kodi katikati ya mwaka, hoja hii haikusaidii. Angalia tu kama alifuata muda wa taarifa uliotajwa. Na mkataba ukishaisha, kodi mpya ni ya kupatana, kwa kuwa sheria iliyokuwa ikidhibiti kodi za nyumba Tanzania ilifutwa mwaka 2005. Mpangaji wetu wa Tabata ana hadi Februari kutafuta nyumba nyingine au kujipanga kwa bei mpya.