Kutoka Kihispania kwenda Kireno: maneno ndugu na mitego iliyofichwa ndani yake

Darasani kwetu huja mwanafunzi ambaye nimeshamzoea: daktari au mhandisi aliyesoma Kuba, Kihispania chake kimenyooka, na sasa amepata kazi Msumbiji, mjini Maputo, Nampula au Pemba ya huko. Anafungua gazeti la Kireno, anasoma aya nzima bila kamusi, kisha ananiuliza kama wiki mbili zitamtosha. Kwa kusoma, namjibu, wiki mbili zitamfikisha mbali. Kusema na kusikia ni habari nyingine. Hapo maneno asiyoyajua hayamdhuru sana, kwa sababu atauliza. Yanayomponza ni yale anayodhani anayajua.

Kihispania na Kireno ni watoto wa Kilatini kilichosemwa katika rasi ya Iberia. Zilipoachana, kila lugha ilibadili sauti zake kwa utaratibu wake, na utaratibu huo ndio wa kujifunza kwanza, kabla ya orodha yoyote ya maneno. Maneno mengi ya Kilatini yalianza na f. Kihispania kiliidhoofisha mpaka ikabaki h ya kuandikwa tu, isiyotamkwa, Kireno kikaitunza. Ndiyo maana kufanya ni "hacer" kwa Kihispania na "fazer" kwa Kireno, na jani ni "hoja" huku na "folha" kule. Kireno nacho kina tabia yake: mara nyingi n na l zilizokaa kati ya irabu mbili zilidondoka. Mwezi wa angani ni "luna" kwa Kihispania, "lua" kwa Kireno. Kutoka ni "salir" na "sair". Rangi ni "color" na "cor".

Mengine matatu yatakufaa kila siku. Palipo na ch katikati ya neno la Kihispania, mara nyingi Kireno kina it: "noche" ni "noite", "leche" ni "leite". Palipo na j, tafuta lh: "ojo" ni "olho". Na pale Kihispania kilipopasua irabu moja kuwa mbili, Kireno kiliiacha ilivyo: "puerta" ni "porta", "siete" ni "sete".

Tuzijaribu kanuni hizi kwa sentensi ambayo daktari anaweza kuisema siku yake ya kwanza wodini. Kwa Kihispania: "La mujer tiene mucho dolor en el pecho desde anoche y no puede dormir", yaani mwanamke ana maumivu makali ya kifua tangu jana usiku na hawezi kulala. "Mujer" ina j, kwa hiyo ni "mulher". "Tiene" inapoteza n yake ya kati na kuwa "tem". "Mucho" na "pecho" zina ch, tunapata "muito" na "peito". "Dolor" inapoteza l, inakuwa "dor". Mpaka hapa kanuni zimetubeba vizuri. Lakini fika kwenye "anoche". Kwa kanuni ya ch ungetunga "anoite", neno ambalo Mreno halitumii kwa maana hiyo. Yeye husema "ontem à noite", jana usiku. Halafu "no puede dormir". Ukisema "não pode dormir" utaeleweka, ila inaweza kusikika kama mgonjwa amekatazwa kulala. Kwa mtu anayejaribu akashindwa, Kireno hutumia "não consegue". Na "dor" ni neno la kike, wakati "dolor" ni la kiume, kwa hiyo "muito" lazima igeuke "muita". Sentensi kamili ni: "A mulher tem muita dor no peito desde ontem à noite e não consegue dormir."

Somo la sentensi hiyo ni moja. Kanuni za sauti zinakusaidia kulitambua neno ulilolisikia au ulilolisoma. Hazikupi ruhusa ya kulitunga. Ukikutana na "folha" kwa mara ya kwanza, rudi nyuma mpaka "hoja" na utakuwa umepata. Ila usitembee upande wa pili, kutoka Kihispania kwenda Kireno, kwa kanuni peke yake. Mimi nawaomba wanafunzi wasitumie neno mdomoni mpaka wawe wamelikuta ndani ya sentensi ya Mreno au ya Mmsumbiji. Wanaliona ni sharti gumu kwa wiki ya kwanza, baadaye linakuwa mazoea.

Sasa mitego yenyewe. Vitabu vingi hupenda ile inayochekesha. "Polvo" kwa Kihispania ni vumbi, kwa Kireno ni pweza. "Rato" kwa Kihispania ni muda mfupi, kwa Kireno ni panya. Mitego hii haina madhara makubwa, kwa sababu inajifichua yenyewe: ukisoma kwamba mtu amekula vumbi lililochomwa, unajua mara moja kuna kitu hakiko sawa. Ya kuogopa ni ile inayoiacha sentensi ikiwa na maana nzuri kabisa, ila maana isiyo sahihi.

Chukua "todavía". Kwa Kihispania ni "bado". Kwa Kireno "todavia" ni "hata hivyo". Ripoti ya muuguzi ikisema "Todavia, o doente comeu pouco", maana yake ni kwamba hata hivyo mgonjwa amekula kidogo. Msomaji wa Kihispania ataelewa kwamba mgonjwa bado anakula kidogo, kama vile hali hiyo imeendelea kwa siku kadhaa. Hatashtuka, kwa sababu sentensi zote mbili zinaingia akilini. "Bado" kwa Kireno ni "ainda".

"Largo" ni wa aina hiyo hiyo. Kwa Kihispania ni kirefu, kwa Kireno ni kipana. Jeraha likiandikwa "largo" kwenye faili, Mhispania anaona urefu, Mreno anaona upana, na hakuna anayejua kwamba wameachana njiani. Vilevile "acordou": mgonjwa "acordou às cinco" ameamka saa kumi na moja, lakini sikio la Kihispania linasikia makubaliano au kumbukumbu. "Tirar" kwa Kihispania cha Kuba ni kutupa. Kwa Kireno ni kuondoa au kuvua, na "Tire a camisa" ni "Vua shati". Na ukitaka kumuuliza mama kama ni mjamzito, usimbebeshe "embarazada" ya Kihispania. "Embaraçada" kwa Kireno ni mwenye haya au aliyefadhaika, na mama anaweza kukujibu ndiyo kwa sababu kweli ameona haya. Mjamzito ni "grávida".

Mtego wa namna hii hausomwi kwa jozi, husomwa kwa mnyororo. Neno likihama maana, linaacha nafasi tupu nyuma yake na kumsukuma jirani mbele. Kwa hiyo usiandike daftarini kwamba "largo" si "largo", ukaishia hapo. Andika mwendo wote: kirefu ni "largo" kwa Kihispania na "comprido" kwa Kireno, kipana ni "ancho" kwa Kihispania na "largo" kwa Kireno. Mnyororo wa ofisini ni mrefu zaidi. "Oficina" ya Kihispania ni ofisi, lakini ya Kireno ni karakana, mahali unapopeleka gari bovu. Ofisi kwa Kireno ni "escritório", na "escritorio" kwa Kihispania ni meza ya kuandikia. Meza hiyo kwa Kireno cha Ureno ni "secretária", ambalo pia ni neno la katibu wa kike. Mwanafunzi aliyeandika mnyororo huu mara moja kwa mkono wake hapotei tena kirahisi.

Angalia pia Kireno cha nchi gani. Programu nyingi za simu hufundisha cha Brazil, na mtu anayekwenda Msumbiji anaponzwa mara mbili, kwa kuwa shule na ofisi za Msumbiji hufuata zaidi kawaida ya Ureno. Kwenye fomu ya Maputo "apelido" ni jina la ukoo, sawasawa na "apellido" ya Kihispania. Brazil ni jina la utani. "Propina" kwa Kihispania ni bahshishi, kwa Ureno na Msumbiji ni ada ya chuo, na Brazil ni rushwa. Kamusi ya Priberam, inayopatikana bure mtandaoni, inaeleza Kireno kwa Kireno. Ni bora kuliko kupitia Kiingereza, ambako tofauti ndogo kama hizi hupotea.

Jinsia za maneno zitakuumiza kidogo kidogo. Damu ni "la sangre" kwa Kihispania na "o sangue" kwa Kireno. Maziwa ni "la leche" na "o leite". Pua ni "la nariz" na "o nariz". Msemaji wa Kiswahili anajua ngeli zinavyouburuta upatanisho wa sentensi nzima, na hapa ni vivyo hivyo: ukikosea kijineno cha mbele, sifa zote zinazofuata zinakosea nacho. Jifunze jina pamoja na "o" au "a" yake, kamwe si jina tupu.

Masikioni, sisi tuna mzigo wa ziada. Kihispania kina irabu tano safi, na Kiswahili pia ni tano, kwa hiyo sikio letu halijawahi kulazimika kutafuta zaidi. Kireno kinatenganisha e na o za wazi na zile za kufumba, na kina irabu za puani. "Avô" ni babu, "avó" ni bibi, na kinachowatenganisha ni o ya mwisho tu. "Pão" ni mkate, "pau" ni kijiti. Muombe mwenyeji akutamkie jozi hizi bila mpangilio, wewe uoneshe kwa kidole ipi ni ipi. Kama unakosea nusu, unabahatisha, rudia kesho.

Kuna mtego mmoja ambao Kihispania hakihusiki nao, unatoka kwetu. Kireno huhesabu siku kwa namba kuanzia Jumapili, kwa hiyo "segunda-feira", siku ya pili, ni Jumatatu. Sisi tunaanza kuhesabu Jumamosi, ndiyo mosi yetu, na hivyo namba zetu zimetangulia kwa moja. "Terça" ni ya tatu, lakini ni Jumanne. "Quarta" ni ya nne, lakini ni Jumatano. Alhamisi peke yake tunakutana, kwa sababu jina lake la Kiarabu linatokana na tano na "quinta" nayo ni ya tano. Mgonjwa akiambiwa arudi "quarta-feira", akili ya Kiswahili inakimbilia Jumanne. Ukipanga miadi, iandike siku pamoja na tarehe yake, kisha umsomee mgonjwa vyote viwili.