Je, wajua kwa nini "huduma nzuri sana" haimshawishi mnunuzi wa korosho?

"Nauza korosho zilizobanguliwa hapa Mtwara mjini, wateja wananisifia sana WhatsApp. Nimeweka sifa zao kwenye tovuti, zinapishana kama slaidi, lakini watu wanapita tu. Nizipangeje ziaminike?"

Mtu wa Dar anayetaka kukutumia hela kabla ya kuona mzigo ana hofu zake: kilo zitapungua, korosho zitakuwa vipande, au zitafika zimelainika. "Huduma nzuri, Mungu awabariki" haigusi hata moja. Ukitaka kujua maoni yapi ya kuacha, ficha jina la biashara yako kisha usome. Kama maneno yale yale yangemfaa hata kinyozi, yaache.

Tuseme mteja wa Mbagala amekuandikia hivi: "Jamani asanteni, mzigo nimeupata, japo umechelewa siku moja nikaanza kuogopa. Nimepima kilo 5 kamili, vipande vichache tu chini ya mfuko. Watoto wameshaanza kuzila. Mbarikiwe."

Kwenye slaidi weka: "Mzigo nimeupata, japo umechelewa siku moja nikaanza kuogopa. Nimepima kilo 5 kamili, vipande vichache tu chini ya mfuko."

Umepunguza salamu na watoto, lakini "japo" imebaki. Najua mkono utawasha kuifuta. Usiifute, kwa sababu huo ucheleweshaji ndio unaomfanya msomaji aamini zile kilo 5. Ukikata maneno katikati, weka nukta tatu. Usiunganishe ujumbe wa wateja wawili, wala usimnyooshee mtu Kiswahili chake mpaka wote wasikike kama wewe. Mwombe ruhusa, mwonyeshe ulivyofupisha, kisha andika jina analokubali na mahali alipo.

Andika pia mwezi na mwaka. Korosho za kusini huanza kuvunwa kati ya Septemba na Oktoba, kwa hiyo sifa za misimu mitatu iliyopita hazimwambii mtu chochote kuhusu mzigo ulio nao sasa.

Kama huna maoni ya namna hiyo, shida iko kwenye swali unalouliza. "Umeionaje huduma yetu?" huleta "nzuri." Badala yake uliza: "Kabla hujalipa uliogopa nini? Ulipofungua mfuko ulikuta nini?"

Slaidi nne au tano zinatosha. Inayojibu hofu kubwa kuliko zote itangulie, maana wengi hawasogezi mpaka ya pili. Na zisijiendeshe zenyewe: anayesoma taratibu kwenye simu hunyang'anywa sentensi kabla hajaimaliza. Mwongozo wa WCAG, unaoelekeza jinsi ya kufanya tovuti itumike na watu wote wakiwemo wenye ulemavu, unataka kitu kinachoanza kusogea chenyewe kwa zaidi ya sekunde 5, sambamba na maudhui mengine, kiwe na namna ya kukisimamisha. Rahisi zaidi ni kumwachia msomaji asogeze kwa kidole, na ukingo wa slaidi inayofuata uchungulie pembeni ajue kuna nyingine.