Tumbo la chango: lini ni maumivu ya hedhi tu, na lini uende kupimwa

Huku kwetu msichana akijikunja kwa tumbo la hedhi ataambiwa ana chango, na neno hilo likishatamkwa ni kama mjadala umefungwa, ataletewa mizizi ya kuchemsha au ataambiwa vumilia ukizaa litaisha. Mi niko kaunta ya duka la dawa mwaka wa tisa sasa na shida yangu na hilo neno ni kwamba limebeba vitu viwili tofauti kabisa. Kuna maumivu yanayotokana na hedhi yenyewe, kizazi hakina ugonjwa wowote, halafu kuna maumivu yanayotokana na kitu kilichopo ndani ya kizazi au pembeni yake, na hedhi ndo inakiamsha kila mwezi. Dawa zinafanana mwanzoni, ila mwisho wake haufanani hata kidogo.

Tuanze na hilo la kwanza maana ndo la wengi. Kizazi ni msuli. Kila mwezi kinajitandika utando laini ndani, mimba isipoingia ule utando unabomoka, na wakati unabomoka unatoa kemikali inaitwa prostaglandini, ambayo kazi yake ni kukiamrisha kizazi kijikaze kisukume damu nje. Ikitoka nyingi kizazi kinajikaza kwa nguvu mpaka kinabana mishipa yake chenyewe ya damu, msuli unakosa hewa unaanza kuuma, vile vile kama kigimbi cha mguu kikibana usiku. Nyingine zinazunguka na damu zinafika kwenye utumbo, ndo maana wadada wengi siku ya kwanza wanaharisha, wanatapika, kichwa kinagonga, halafu wanasingizia chakula cha jana.

Maumivu ya aina hii yana tabia yake na ukishaijua unaitambua. Yanaanza masaa machache kabla ya damu au pamoja nayo, siku ya kwanza ndo mbaya, siku ya pili au ya tatu yameshaondoka. Yanakaa chini ya kitovu, yanashuka mapajani na kuzunguka kiunoni. Na mara nyingi yalianza mapema, ndani ya mwaka mmoja au miwili tangu binti avunje ungo. Akimaliza siku zake amemaliza, hana maumivu tena mpaka mwezi ujao. Yanaweza kuwa makali kweli mpaka mtu akakosa shule, kwahiyo kusema hana ugonjwa kwenye kizazi sio kusema anadeka, anaumwa na anastahili dawa.

Dawa sasa, na hapa ndo naona makosa kila siku. Mtu anakuja saa kumi jioni ameshalia tangu asubuhi, anaomba kidonge kimoja tu cha diklofenaki, anameza hapo hapo tumbo tupu, kesho anasema dawa za siku hizi feki. Sio feki. Dawa kama ibuprofeni na diklofenaki zinafanya kazi ya kuzuia prostaglandini isitengenezwe, ila ile ambayo imeshatengenezwa na iko mwilini hazina la kuifanya, kwahiyo ukingoja maumivu yapande mpaka juu umeshachelewa. Unatakiwa umeze mara tu unapohisi dalili za mwanzo, au damu inapoonekana, na wale wanaojua tarehe zao vizuri wanaweza kuanza siku moja kabla. Mtu mzima ni ibuprofeni miligramu 400 baada ya kula, anarudia kila baada ya masaa 8, siku mbili au tatu basi, na bila daktari usivuke miligramu 1200 kwa siku. Usichanganye ibuprofeni na diklofenaki, hizo ni ndugu, unajiongezea madhara tu. Ukitaka kuongezea, ongezea panadol. Na mwenye vidonda vya tumbo, figo, pumu inayoamshwa na dawa za maumivu, au anayehisi ana mimba, asiziguse hizo ndugu mbili, abaki na panadol na joto. Binti mdogo dozi yake iulizwe dukani, asipewe ya mama yake.

Joto watu wanalichukulia kama la bibi tu lakini linafanya kazi kweli, linalegeza ule msuli na kufungua mishipa damu ipite. Uzuri wake halina vidonda vya tumbo. Mfuko wa mpira wa maji ya moto ndo bora, hauna basi chukua soksi ya pamba safi, jaza mchele mkavu, pasha kwenye sufuria kavu huku unageuza. Chupa ya plastiki ya maji ya kunywa hapana, inajikunja na maji yanamwagika mwilini. Funga kwa kanga iliyokunjwa mara mbili, weka chini ya kitovu dakika 15 mpaka 20, pumzisha, rudia. Kipimo ni hiki, uweke upande wa ndani wa mkono wako uhesabu mpaka kumi, ukishindwa kumaliza ujue ni moto sana. Nimeshaona tumbo lina michirizi ya kahawia kama wavu, ngozi imeungua polepole kwa kulala na chupa kila mwezi, na mwenyewe hakusikia maana maumivu ya ndani yalikuwa makubwa kuliko ya nje.

Haya, damu. Hii inachanganya zaidi kwa sababu kila mtu anajilinganisha na mama yake au dada yake, na kama nyumba nzima wanatoka nyingi wote wanaona ndo kawaida. Hedhi ya kawaida nzima, siku zote ukijumlisha, ni kama mililita 30 hadi 40, vijiko viwili vitatu vya chakula. Ikipita 80 inahesabika nyingi, hivyo ni kama vijiko vitano na kidogo. Hakuna anayepima kwa kijiko lakini kuna dalili za wazi: unabadilisha pedi iliyoloa kabisa kila saa moja au mawili, unavaa mbili kwa pamoja, unaamka usiku kubadilisha au shuka linachafuka, unatoa mabonge makubwa kuliko sentimita mbili na nusu, au siku zinavuka nane. Kibonge kidogo siku ya kwanza ya pili sio kitu.

Na kuna dalili moja mi naiangalia sana hapa kaunta, mtu anayekula udongo. Wengi wanajua udongo ni wa wajawazito, ila mwili ukiishiwa madini ya chuma unaleta hamu ya ajabu, udongo, barafu, mchele mbichi. Mdada hana mimba anatafuna barafu kutwa nzima halafu akipanda ngazi moyo unaenda mbio, huyo muulize hedhi yake ikoje. Ubaya ni kwamba ule udongo nao unazuia chuma kilichoko kwenye chakula kisiingie mwilini, kwahiyo anavyokula ndo anazidi kuishiwa.

Nikupe mfano wa mteja wangu, mama wa miaka 34 anauza chakula, watoto wawili. Alikuwa ananunua diklofenaki kila mwezi na kila mwezi nikimuuliza anajibu ni chango tu. Siku moja nikamuuliza lilianza lini, akasema baada ya mtoto wa pili, kabla ya hapo hajui tumbo la hedhi ni nini. Hapo nikashtuka, maana chango la kawaida halianzi ukubwani. Nikampa daftari, nikamwambia mwezi huu andika tu. Alirudi na siku tisa za damu, siku ya pili pedi tisa zilizoloa, usiku mbili mbili na taulo chini, mabonge kama maini, maumivu yalianza siku nne kabla ya damu. Na pembeni ameandika mwenyewe, udongo kila siku.

Lile daftari ndo lilimfanya daktari asimpe dawa ya maumivu na kumrudisha nyumbani. Walianza na kipimo cha mimba, ambacho wengi wanakidharau lakini ni lazima, maana damu na maumivu vinaweza kuwa mimba inayoharibika. Wakapima wingi wa damu ikaja 7.4, wakati mwanamke asiye na mimba anatakiwa awe na 12 kwenda juu. Wakamuuliza kama anatumia kitanzi, kwa sababu kile cha kopa kinaweza kuongeza damu na maumivu, hakuwa nacho. Ultrasaundi ikaonyesha uvimbe wa sentimita 3 umechomoza ndani kabisa kwenye uwazi wa kizazi. Watu wanadhani uvimbe mkubwa ndo wenye damu nyingi, sivyo, kinachoamua zaidi ni umekaa wapi. Wa nje ya kizazi unaweza kuwa kama embe na hedhi ikawa ya kawaida, huu mdogo wa ndani ndo unamwaga.

Akapewa vidonge vya chuma, na dawa ya kupunguza damu inaitwa asidi ya traneksamiki ambayo inamezwa siku zile za damu nyingi tu, haifai kwa mtu aliyewahi kupata damu kuganda kwenye mishipa. Baadaye uvimbe ukatolewa kwa kupitia njia ya chini bila kupasua tumbo. Chuma aliendelea nacho miezi mitatu hata baada ya damu kupanda, ili akiba ijae.

Ila ultrasaundi isikufunge macho. Kuna ugonjwa unaitwa endometriosisi, ambapo tishu inayofanana na ule utando wa kizazi inaota nje yake, kwenye mirija, kwenye utumbo, na unapata karibu mwanamke mmoja kati ya kumi walio kwenye umri wa kuzaa. Mara nyingi ultrasaundi ya kawaida haiuoni. Kwahiyo ukiambiwa picha iko safi lakini unaumia hata usipokuwa kwenye siku zako, unaumia wakati wa tendo, ukienda haja kubwa kipindi cha hedhi unaona nyota, au umemeza ibuprofeni kwa wakati sahihi miezi mitatu mfululizo na bado unalala chini, usikubali kurudishwa na neno chango, omba umuone daktari wa wanawake.

Na binti ambaye tangu hedhi ya kwanza kabisa damu haikatiki, na akitoka damu puani au kwenye fizi nayo inachelewa kukauka, apimwe kama damu yake inaganda vizuri, hilo linasahaulika sana.

Ambavyo havisubiri asubuhi ni hivi: pedi inaloa kila saa kwa masaa mawili mfululizo, kizunguzungu au kuzimia, homa na uchafu unaonuka pamoja na maumivu, au hedhi ilichelewa halafu ikaja na maumivu makali upande mmoja au mpaka bega linauma. Hiyo ya mwisho inaweza kuwa mimba imetunga nje ya kizazi, damu inamwagikia ndani ambako pedi haiioni, nenda hospitali usiku huo huo.