Kuulizia Jumla ya Alama kwa Barua: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Wiki ya kurudishiwa karatasi za mtihani, hutokea mwanafunzi akajumlisha alama zake mwenyewe na kuona kwamba hesabu iliyo juu ya karatasi hailingani na ya ndani. Wengi wa hapa Mombasa hunyamaza, kwa sababu wamelelewa kutombishia mkubwa. Wachache huandika barua, nayo hutoka ama kama mashtaka ama kama ombi la msamaha kwa kosa ambalo hawakulitenda. Hali zote mbili zinatokana na dhana zilizozoeleka, na nitazieleza nikitumia mfano wa karatasi moja ya Kiswahili ya kidato cha tatu.

Dhana: kuulizia jumla ni kumtilia mwalimu shaka.

Mwalimu anaposahihisha hufanya kazi mbili zisizofanana. Kwanza huamua kila jibu linastahili alama ngapi, na uamuzi huo ni wa taaluma yake. Kisha hujumlisha alama alizokwisha kuzitoa, na hapo hakuna tena suala la maoni, kwa maana tarakimu zilezile zikijumlishwa na mtu yeyote zitatoa jibu lilelile. Barua ya jumla inahusu kazi hii ya pili peke yake. Mwalimu mwenye madarasa matatu ya wanafunzi hamsini hamsini hufanya mamia ya majumlisho katika siku chache, mara nyingi usiku, na kuteleza mahali si ajabu wala si aibu.

Kwa hiyo, heshima ya barua hii hukaa katika kutoivuka mipaka hiyo. Mwanafunzi anayeandika kwamba jumla imepungua, halafu akaongeza kwamba hata swali la sarufi la nne alistahili alama mbili badala ya moja, ameziunganisha kazi zote mbili, na mwalimu ana haki ya kuiona barua nzima kama malalamiko ya kusahihishwa vibaya. Ikiwa kweli kuna jibu analotaka liangaliwe upya, alipeleke siku nyingine akiwa na daftari lake mkononi.

Dhana: alama za vyema zikihesabiwa na jumla ikawa pungufu, basi mwalimu amekosea.

Hapa ndipo barua nyingi huharibika, na panahitaji kuangaliwa kwa makini. Karatasi ya pili ya Kiswahili, ile ya Lugha, ina alama 80: Ufahamu 15, Ufupisho 15, Matumizi ya Lugha 40 na Isimujamii 10. Katika Ufahamu na Ufupisho, mwalimu hutoa alama za hoja kwanza, kisha huondoa nusu alama kwa makosa ya lugha, kufikia kiwango kilichowekwa kwenye mwongozo wa kusahihishia. Kosa la sarufi huwekewa herufi *s*, na la hijai, yaani maendelezo, huwekewa *h*. Mwanafunzi asiyezijua alama hizo huhesabu vyema tu, huku *s* na *h* akizipita kana kwamba ni mikwaruzo ya kalamu.

Tuchukue mwanafunzi wa Kisauni aliyepata karatasi yenye 43 juu. Alihesabu vyema vya Ufahamu akapata 13, Ufupisho 9, Matumizi ya Lugha 26 na Isimujamii 7, jumla 55. Rasimu yake ya kwanza ikadai alama 12. Alipoirudia karatasi pole pole, aliona kwenye Ufahamu makosa manne yaliyozungushiwa, mawili ya *s* na mawili ya *h*, na chini kabisa mwalimu ameandika 13 – 2 = 11. Jumla halali ikawa 11 + 9 + 26 + 7, yaani 53. Alama zilizopotea ni 10, wala si 12. Angeipeleka rasimu ile ya kwanza, mwalimu angeanza kumweleza makato ya Ufahamu, na huenda kosa lenyewe lisingefikiwa siku hiyo.

Tofauti ya 10 kamili nayo inaeleza kilichotokea. Ukijumlisha mamoja, yaani 1, 9, 6 na 7, unapata 23: unaandika 3 na kubeba 2. Makumi ni 1 na 2, jumla 3. Ukiongeza 2 uliyobeba unapata 5. Aliyebeba 1 badala ya 2 anapata 4, na ndipo ilipotoka 43. Makosa mengine pia huacha alama zake. Jumla ikipungua kwa kiasi kilekile cha sehemu fulani, tuseme 7 au 26 katika karatasi hii, huenda sehemu hiyo haikuingizwa kabisa. Tofauti ikigawanyika kwa 9, kuna uwezekano kwamba tarakimu zimebadilishana nafasi, kwa mfano 53 ikanakiliwa 35, ambapo tofauti ni 18. Dalili hizi si hukumu, lakini humwonyesha mwanafunzi pa kutazama kabla ya kushika kalamu. Na sehemu za kutazama ni chache: alama za kila swali, jumla ndogo mwishoni mwa kila sehemu, jedwali lililo ukurasa wa kwanza, jumla kuu, na mwisho alama iliyoingia kwenye orodha ya darasa. Si mara chache karatasi yenyewe huwa sawa na kosa likawa kwenye orodha.

Dhana: barua ya heshima huanza kwa salamu ndefu.

Mtoto wa Pwani hamwendei mkubwa wake kwa haja kabla ya kumwamkia na kumuulizia hali, na kwa mdomo ndivyo inavyopasa. Akikutana na mwalimu mlangoni mwa ofisi, shikamoo itangulie. Barua rasmi ina utaratibu wake: anwani ya mwandishi, tarehe, anwani ya mwandikiwa, mtajo, mada, mwili na kimalizio. Katika utaratibu huo, mtajo ndio unaobeba salamu. Aya nzima ya kumwombea mwalimu afya na kumsifu kwa ufundishaji wake huiweka haja mbali, na sifa zinazotangulia ombi la alama zina harufu ambayo mwalimu yeyote anaijua. Mwili wa barua ya mwanafunzi wetu, baada ya kusahihishwa, ulihitaji kuwa hivi tu:

> Kwa Mwalimu,
>
> KUH: OMBI LA KUHAKIKIWA JUMLA YA ALAMA, KISWAHILI KARATASI YA PILI
>
> Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Naomba kwa heshima unihakikishie jumla ya alama zangu katika karatasi iliyotajwa hapo juu, ambayo tulirudishiwa siku ya Jumatatu.
>
> Alama zilizo mwishoni mwa kila sehemu ni hizi: Ufahamu 11 (baada ya kuondolewa 2 za makosa ya lugha), Ufupisho 9, Matumizi ya Lugha 26 na Isimujamii 7. Nilipozijumlisha nilipata 53, ilhali jumla iliyoandikwa ukurasa wa kwanza ni 43. Sina swali lolote kuhusu namna majibu yalivyosahihishwa.
>
> Nimeambatisha karatasi yenyewe, na nakala yake ninayo. Ikiwa kuna makato ambayo sikuyaona, nitashukuru kuelekezwa.
>
> Wako mtiifu,

Sahihi, jina na nambari ya usajili hufuata. Angalia kwamba hakuna mahali aliposema "umekosea" wala "umeninyima". Jumla "iliyoandikwa" ni 43, naye "alipata" 53. Tarakimu zimewekwa bega kwa bega na mwalimu ameachiwa kuamua. Sentensi ya makato nayo si ya kujipendekeza, kwa sababu huenda kweli lipo kato asiloliona, hasa ikiwa mwalimu aliliandika kwenye mwongozo wake na si kwenye karatasi.

Dhana: ni bora kurekebisha karatasi ili mwalimu aone kwa urahisi.

Karatasi isiguswe. Hata duara la penseli kando ya 43, au 53 iliyoandikwa kwa wino wa buluu pembeni, huifanya isiaminike tena, kwa kuwa mwalimu hawezi kujua ni kipi kingine kilichoongezwa baada ya kurudishwa. Hesabu ifanywe kwenye barua au kwenye karatasi nyingine. Nakala hutolewa ili mwanafunzi abaki na ushahidi iwapo ya asili itakaa ofisini kwa muda. Picha iliyopigwa vizuri kwa simu ya mzazi inatosha, mradi ukurasa wa kwanza na kurasa zenye jumla ndogo zionekane.

Dhana: barua ianzie kwa mwalimu mkuu ili ishughulikiwe haraka.

La. Ianzie kwa aliyesahihisha, ambaye anaweza kuimaliza kwa dakika mbili. Asipojibu kwa siku kadhaa, mwanafunzi amwone mwalimu wa darasa, na baadaye mkuu wa idara. Kumruka mwalimu ndiko hasa kunakoligeuza kosa la kuhesabu kuwa kesi. Na ikiwa jumla iliyoandikwa imezidi badala ya kupungua, barua ni ileile na anayeandikiwa ni yuleyule.

Utaratibu huu wote ni wa mitihani ya shule. Katika KCSE mtahiniwa harudishiwi karatasi, kwa hiyo hana jumla ndogo za kulinganisha, na swali lolote kuhusu matokeo hupelekwa kwa Baraza la Mitihani kupitia mkuu wa kituo chake.

Dhana: jumla ikishasahihishwa kwenye karatasi, mambo yamekwisha.

Alama ya mwanafunzi husafiri. Karatasi tatu za Kiswahili zina alama 40, 80 na 80, jumla 200, na shule nyingi hugawa jumla hiyo kwa mbili ili kupata asilimia. Ikiwa mwanafunzi wetu alipata 24 katika Insha na 47 katika Fasihi, basi kwa 43 jumla yake ni 114, sawa na asilimia 57, na kwa 53 ni 124, sawa na asilimia 62. Tofauti hiyo inaweza kubadilisha gredi, na hubadilisha pia nafasi yake darasani na hata wastani wa somo. Mwalimu akikata 43 na kuandika 53 kwa kalamu nyekundu, akatia sahihi kando, amerekebisha mahali pamoja tu. Ikiwa orodha ya darasa ilikwisha kupelekwa kwa mwalimu anayeingiza alama kwenye kompyuta, ile 43 ndiyo itakayochapishwa kwenye ripoti. Kwa hiyo mwanafunzi anapokwenda kuchukua karatasi yake, baada ya kushukuru, ana swali moja zaidi la kuuliza, tena kwa mdomo: "Mwalimu, kwenye orodha pia imebadilishwa?" Akiambiwa bado, aombe kujua ripoti zinachapishwa lini, na arudi kuulizia kabla ya siku hiyo.